Vikombe 2,000 au 4,400? Hesabu ya kuongeza yogati kwenye kiwanda kidogo cha mtindi

Wenye viwanda vidogo ninaowatunzia vitabu hapa Iringa wakitaka kuanzisha bidhaa mpya, wengi huja na karatasi yenye hesabu moja: gharama za mwezi, gawanya kwa faida ya kipande kimoja, unapata idadi ya kuuza ili usipate hasara wala faida. Hesabu yenyewe ni sahihi. Kinachonisumbua ni vitu vinavyoingizwa ndani yake, kwa sababu bidhaa mpya haiingii kwenye nyumba tupu. Inakuta bidhaa nyingine zinakula kodi hiyohiyo na malighafi hiyohiyo, zinakaa kwenye rafu ya duka lilelile, na mara nyingi mnunuzi ni huyohuyo.

Nitawapitisha kwenye kisa kimoja. Mwenyewe ameniruhusu, ila nisitaje jina, na tarakimu nimezisawazisha ili zisomeke kwa urahisi bila kuharibu uwiano wake. Dada huyu anasindika lita 200 hivi za maziwa kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Anatengeneza mtindi tu, wa pakiti za nusu lita, na anauza kwenye maduka na vibanda 40 vya mjini, kuanzia Kihesa hadi Ipogolo. Alitaka kuongeza yogati ya vikombe vya mililita 250, ya vanila na ya stroberi, kwa sababu wanafunzi wa vyuo walikuwa wanaiulizia na yogati iliyopo madukani inatoka mbali.

Gharama ya kikombe kimoja ilikuwa hivi. Maziwa ananunua shilingi 1,200 kwa lita, na lita moja inatoa vikombe vinne. Kwa kweli sukari huongeza ujazo kidogo, lakini kinachobaki kwenye sufuria na kinachomwagika wakati wa kujaza hula ongezeko hilo, hivyo vikombe vinne ndiyo idadi ya kuaminika. Hapo maziwa ni 300 kwa kikombe. Sukari gramu 20 ni shilingi 60. Bakteria wa kugandishia 15, ladha na rangi 25, kikombe pamoja na kifuniko na stika 190, gesi na umeme wa kuchemshia 40, usafirishaji 50. Jumla 680. Bei ya jumla aliyoifikiria ni 1,000, na duka liuze 1,300. Kila kikombe kinabakiza shilingi 320. Hiyo naiita mchango, kwa sababu bado si faida: inakwenda kwanza kuchangia gharama za mwezi ambazo zipo uuze usiuze.

Sasa gharama za mwezi. Hapa ndipo yeye na kijana anayemwandikia risiti walipotofautiana na mimi. Kijana alichukua kodi ya jengo, mshahara wa mlinzi, mshahara wa dada mwenyewe na bili ya maji, akavigawa katikati, nusu mtindi na nusu yogati, akajumlisha na gharama za yogati yenyewe. Akapata 1,600,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 320 ni vikombe 5,000. Dada alipoiona namba hiyo akakata tamaa kabisa.

"Kaka, hii biashara si ya kwetu," akaniambia. "Vikombe elfu tano nitampelekea nani?"

Nikamuuliza swali moja: usipoanzisha yogati, mwenye nyumba atakupunguzia kodi? Mlinzi atalipwa nusu? Jibu ni hapana. Basi gharama hizo hazihusiki na uamuzi huu. Zinahusika na swali lingine, la kiwanda kizima kinajiendesha au la, na mtindi ulikuwa unazilipa tayari. Swali letu ni dogo kuliko hilo: ni fedha gani itakayoanza kutoka mfukoni kwa sababu ya yogati, na ingebaki mfukoni kama yogati isingekuwepo? Kwa mantiki hiyohiyo nilifuta pia fedha aliyokwisha kutumia kwenye mafunzo na kuchora nembo. Inauma, lakini imekwenda. Hairudi ukianzisha, wala hairudi ukiacha.

Zilizobaki ni hizi. Mfanyakazi mmoja wa ziada kwa mshahara wa 310,000, ukiongeza sehemu ya mwajiri ya NSSF, asilimia 10, na mchango wa nusu asilimia kwa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, pamoja na glovu na makoti, unafika 350,000. Umeme wa friji jipya na wa kabati la joto 120,000. Mashine ya kubania vifuniko, kabati na friji vilikuwa 6,000,000. Tukavigawa kwa miaka mitano, yaani 100,000 kwa mwezi. Vipimo vya maabara, nembo ya TBS kwa bidhaa mpya na matangazo madogo ya dukani, tukivitandaza mwaka mzima, 70,000. Jumla 640,000.

Kabati la joto halikuwa anasa. Mtindi unaganda wenyewe usiku kucha kwenye joto la kawaida la chumba, lakini bakteria wa yogati wanataka nyuzi 43 hivi kwa saa nne hadi sita, na kwa baridi ya Iringa mwezi Juni ukiacha vikombe mezani asubuhi unakuta maziwa matamu.

640,000 gawanya kwa 320 ni vikombe 2,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 ni vikombe 77 kwa siku. Uso wa dada ukabadilika. Kutoka 5,000 hadi 2,000 kwa kalamu tu! Angetoka ofisini kwangu kwenda kuagiza mashine mchana uleule. Lakini tulikuwa tumetoa kilichowekwa bila sababu, na bado hatujaweka kilichosahauliwa.

Nilimwomba asinunue kitu kwanza. Atengeneze yogati kidogo kwa sufuria aliyonayo, aigandishe kwenye kisanduku cha kubebea barafu kilichojazwa maji ya moto badala ya barafu, anunue vikombe vya kawaida, na apeleke kwenye maduka sita kwa wiki tatu. Lengo si kupata faida. Lengo ni kupata namba tatu ambazo hakuna mtu anayeweza kuzikisia akiwa amekaa: kila duka linauza vikombe vingapi kwa siku, vingapi vinarudi, na mtindi wa duka hilo unafanyaje yogati ikiwa pembeni yake.

Namba ya kwanza ilikuwa wastani wa vikombe sita kwa duka kwa siku. Tuiweke pembeni, tutaihitaji baadaye.

Namba ya pili, marejesho. Mtindi wake haurudi. Wenye vibanda wanaulipa asubuhi na kabla ya jioni umeisha. Yogati ni mzigo wa mali kauli. Muuza duka anapokea, anauza, anakulipa ukija tena, na kilichoharibika anakurudishia bila aibu. Katika kila vikombe 100 vilivyotoka kiwandani, vinane vilirudi. Dada aliona ni kidogo. "Nane kwa mia si mbaya, kaka." Asilimia 8 ya mauzo kweli si kubwa, ila hasara hiyo haitoki kwenye mauzo yote, inatoka kwenye mchango. Kikombe kilichorudi kimekwisha kula shilingi 680 zote: maziwa, sukari, kikombe, hata nauli. Kwa hiyo kila kikombe kinachotoka kiwandani kinaleta kwa wastani 920, si 1,000, na gharama yake ni ileile. Mchango unashuka kutoka 320 hadi 240. Robo nzima ya mchango imeliwa na marejesho ya asilimia 8. Sasa tunahitaji kutoa vikombe 2,667 kwa mwezi.

Namba ya tatu ndiyo wengi hawaitafuti kabisa. Mteja aliyekuwa ananunua pakiti ya mtindi akiona kikombe cha stroberi, siku nyingine anachukua hicho badala yake. Umepata mauzo ya yogati, umepoteza ya mtindi. Tulilinganisha mtindi katika maduka sita ya majaribio na mtindi katika maduka mengine ya mtaa huohuo kwa wiki zilezile. Ulinganisho wa namna hii ni muhimu. Ukilinganisha duka na lenyewe la mwezi uliopita unaweza kudanganywa na mvua, mshahara wa mwisho wa mwezi, au Kwaresima. Kwa kila vikombe 100 vya yogati, mtindi ulipungua pakiti 15 hivi.

Pakiti ya mtindi inauzwa jumla 1,100. Ndani yake kuna maziwa ya 600, pakiti yenyewe 70, bakteria 20, nishati 30, usafirishaji 60, jumla 780. Mchango wake ni 320. Pakiti 15 ni shilingi 4,800 zilizopotea kwa kila vikombe 100, yaani 48 kwa kikombe. Mchango halisi wa kikombe kwa kiwanda unabaki 192. Kwa anayetumia lahajedwali, mstari wote ni huu, ambapo B2 ni bei ya jumla, B3 ni sehemu inayorudi, B4 ni gharama ya kikombe, B5 ni mtindi uliopotea kwa kikombe, na B8 ni gharama za mwezi za laini mpya:

```
=B8/(B2*(1-B3)-B4-B5)
```

Weka 1000, 0.08, 680, 48 na 640000, unapata 3,333. Faida ya kuiweka hivi ni kwamba unaweza kuchezea seli moja na kuona ni ipi inayouma zaidi. Mara nyingi si ile uliyokuwa unaihofia.

Bado kuna jambo la maziwa yenyewe, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwetu kuna miezi ya maziwa na miezi ya kukimbizana. Kuanzia Desemba mpaka Juni majani yapo na wafugaji wanaleta kuliko anavyoweza kupokea. Kuanzia Julai mpaka Novemba, kiangazi kikikolea, lita zinapungua na bei inapanda. Miezi hiyo dada hakosi wateja wa mtindi, anakosa mtindi wa kuwapa. Maana yake, katika miezi hiyo mitano, kila lita inayoingia kwenye yogati imenyang'anywa mtindi ambao ungeuzwa bila shaka.

Tuangalie lita moja. Ikienda kwenye mtindi inatoa pakiti mbili, mchango 640. Ikienda kwenye yogati inatoa vikombe vinne vya mchango wa 240, yaani 960. Yogati inashinda, lakini kwa 320 tu kwa lita, au shilingi 80 kwa kikombe. Zile 48 za mteja aliyehama hatuzihesabu tena hapa, kwa sababu miezi hiyo pakiti aliyoiacha inachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo kikombe kilichochangia 192 mwezi wa Machi kinachangia 80 mwezi wa Septemba, ingawa bei ya dukani haijabadilika na hakuna risiti yoyote itakayokuonyesha tofauti hiyo. Hasara inajificha kwenye mtindi ambao haukutengenezwa.

Dada akauliza, na swali lilikuwa zuri: "Na maziwa yakipanda hadi 1,500?" Tukapiga hesabu. Lita ikipanda kwa 300, yogati inapoteza 300 kwa lita, na mtindi nao unapoteza 300 kwa lita. Tofauti yao inabaki 320 vilevile. Wakati maziwa ni haba, bei yake haina sauti katika kuchagua kati ya yogati na mtindi. Kinachochagua ni kila bidhaa inaongeza nini juu ya lita ileile. Bei ya maziwa inaumiza kiwanda kizima, lakini haikuambii uache yogati. Nimeona watu wakisimamisha bidhaa nzuri kila kiangazi kwa sababu hii, wakaendelea na ile inayobakiza kidogo kuliko hiyo, wakidhani wanabana matumizi.

Ukitaka miezi ya kiangazi ijilipe yenyewe, 640,000 gawanya kwa 80 ni vikombe 8,000 kwa mwezi. Haiwezekani: kabati moja la joto linabeba vikombe 240 kwa siku, sawa na 6,240 kwa mwezi, na ukipita hapo unanunua la pili na gharama za mwezi zinaruka juu ghafla, hivyo hesabu yote inaanza upya. Lakini si lazima kila mwezi ujilipe wenyewe. Mfanyakazi ameajiriwa mwaka mzima, mashine imenunuliwa. Tuchukue mwaka. Gharama ni 7,680,000. Kikombe kimoja kwa mwezi, kwa miezi saba ya 192 na mitano ya 80, kinachangia 1,744 kwa mwaka. Gawanya, unapata vikombe 4,400 hivi kwa kila mwezi.

Tumeanza na 5,000 isiyo na maana, tukashuka 2,000 ya matumaini, tukapanda hadi 4,400. Sikushangaa dada aliponiambia kwa mzaha kwamba angebaki na hesabu ya kijana wake, namba zinakaribiana. Lakini 5,000 ile ilikuwa imejaa kodi ya nyumba, na isingeweza kumwambia abadilishe nini. Hii ya 4,400 kila kipande chake kina mlango wa kuingilia.

Kabla ya milango hiyo, namba ilibidi igeuzwe maduka, kwa sababu hakuna mtu anayeuza vikombe 4,400 kwa mwezi. Unauza kwa duka, kwa siku. Ukitoa marejesho, vinavyotakiwa kuuzwa ni 4,050 hivi. Kati ya maduka yake 40, yenye friji inayofanya kazi na nafasi ya kuweka yogati yalikuwa 22 tu. Mengine yana friji za kampuni za soda, na masharti ya friji hizo ni kwamba ndani hukaa soda yao peke yake. Msambazaji akikuta kitu kingine anaweza kuondoka na friji. Mtindi hausumbuki, unauzwa ukiwa kwenye ndoo ya plastiki asubuhi. Yogati ya siku kumi na nne bila baridi haifiki siku ya tatu. Vikombe 4,050 kwa maduka 22 kwa siku 26 ni vikombe saba na ushee kwa kila duka kila siku. Majaribio yalitoa sita, na maduka ya majaribio ni yale aliyoyachagua mwenyewe, yaani yenye watu. Kwa bei ya 1,000, jibu lilikuwa hapana.

Mlango wa kwanza ni bei. Jumla ikiwa 1,100 badala ya 1,000, shilingi 100 ile karibu yote inashukia kwenye mchango: 284 miezi ya neema, 172 kiangazi. Kiwango kinashuka kutoka vikombe 4,400 hadi 2,700 kwa mwezi, au vinavyouzwa vinne na theluthi moja kwa duka kwa siku. Swali linakuwa tofauti na lile la mwanzo. Hatuulizi tena kama wateja watapungua bei ikipanda, maana watapungua. Tunauliza kama watapungua kutoka sita hadi chini ya vinne na theluthi, yaani zaidi ya robo ya wateja wote, kwa sababu ya nyongeza ya 100 kwenye bidhaa ambayo mshindani wake ananunuliwa 1,500 na kuendelea. Dada, anayewajua wanunuzi wake kuliko mimi, akasema hapana, hawatafika huko.

Mlango wa pili ni marejesho. Hata bei ingebaki 1,000, kuyashusha kutoka nane hadi matatu kwa mia kungeleta kiwango cha vikombe 3,276, na vinavyouzwa vitano na nusu kwa duka. Njia yake ni kupeleka kidogo mara tatu kwa wiki badala ya kingi mara moja. Bodaboda atalipwa zaidi, lakini anakwenda mitaa hiyo kwa ajili ya mtindi kila siku.

Mlango mwingine ulionekana mtamu na niliukataa. Mchapaji alimwahidi vikombe vyenye chapa kwa 140 badala ya 190. Shilingi 50 kwa kikombe si mchezo. Lakini oda ya chini ilikuwa vikombe 20,000, sawa na 2,800,000 kwa mkupuo, kwa bidhaa ambayo bado hatujui kama stroberi inauzika kuliko vanila. Hesabu ya kurudisha gharama haioni fedha iliyolala stoo; inaona kikombe kinachotumika tu. Vivyo hivyo haioni mkopo. Sisi tuliweka 100,000 kwa mwezi kwa ajili ya mashine kwa sababu tuligawa kwa miaka mitano, lakini ukikopa 6,000,000 hizo kwa miaka miwili, benki inataka 250,000 kila mwezi kabla ya riba. Kiwanda kinaweza kuwa kimevuka kiwango chake kwenye karatasi na bado kisiwe na fedha ya kumlipa mfugaji Jumamosi. Yeye alikuwa na akiba, hivyo tuliruka hilo. Anayekopa afanye hesabu ya pili, aweke rejesho la mkopo mahali pa ule mgawanyo wa mashine.

Akaanza Januari, kwa 1,100, vikombe vya stika, maduka 22. Kabla hajaanza tuliandika namba moja ukutani: vinne na theluthi moja kwa duka kwa siku. Wastani wa miezi mitatu ya kwanza ukiwa chini ya hapo, anaacha, anauza kabati na mashine zikiwa bado na bei.

Miezi mitatu ikatoa wastani wa 4.9. Dada akafurahi. Mimi nikaomba daftari la marejesho, nikakuta ni 11 kwa mia, si nane. Namba ya ukutani ilikuwa imejengwa juu ya nane. Nilipoirudia hesabu ya mwaka kwa 0.11 badala ya 0.08, kiwango kilipanda hadi 4.87. Alikuwa anasimama palepale, hasara hakuna wala faida, na alikuwa hajajua.

Tukayatenga marejesho duka kwa duka. Zaidi ya theluthi mbili yalitoka kwenye maduka matano, na bodaboda alijua sababu tangu wiki ya pili ila hakuna aliyemuuliza: wenye maduka hayo wanazima friji wakifunga usiku ili kuokoa luku. Maduka matano hayo yalikuwa yanauza vikombe vitatu hivi kwa siku na kurudisha karibu viwili. Akayaondoa. Yaliyobaki 17 yanauza 5.4 kwa siku na kurudisha vinne kwa mia. Mauzo ya jumla yameshuka kutoka vikombe 108 kwa siku hadi 92, na laini sasa inabakiza kama 60,000 kwa mwezi baada ya gharama zake zote. Duka jipya lolote linalofanana na hayo 17 litaongeza kama 41,000 kwa mwezi, kwa kuwa gharama za mwezi zimekwisha kulipwa na waliotangulia.

Elfu sitini kwa mwezi juu ya mashine za milioni sita si utajiri, na nilimwambia hivyo wazi: ni asilimia 12 kwa mwaka, na jasho lake mwenyewe halimo kwenye hesabu. Ila njia ya kuongeza sasa inaonekana. Kinachomzuia si wateja wala maziwa, ni friji zinazowaka usiku. Friji ndogo iliyotumika anaipata kwa 400,000 hivi. Akiikopesha kwa duka lenye watu, kwa sharti kwamba ndani ikae yogati na mtindi wake na isizimwe, 400,000 gawanya kwa 41,000 ni miezi kumi friji imejilipa. Ameanza na mbili, moja karibu na lango la chuo. Hiyo ya chuoni nina wasiwasi nayo, kwa sababu wanafunzi wakienda likizo ndefu miezi kumi inaweza kuwa kumi na nne, ingawa likizo yao inaangukia kiangazi, wakati ambao kikombe kisichouzwa kinamwachia maziwa ya mtindi.